Kwa Nini Birika Hula Umeme Kuliko Taa

Nataka kueleza jambo moja ambalo huleta ugomvi katika nyumba nyingi za hapa Gisenyi. Yuniti zikiisha kabla ya siku zake, mtu wa kwanza kulaumiwa ni mwanafunzi aliyekesha na vitabu vyake, na wa pili ni yule aliyesahau chaja ya simu ukutani. Taa huzimwa, kijana hupelekwa kulala, na asubuhi birika la umeme hujazwa pomoni kwa ajili ya vikombe viwili vya chai. Nitaonyesha kwa hesabu kwamba aliyelaumiwa si mwenye deni.

Kwanza tuelewane juu ya maneno mawili. Wati ni kipimo cha kasi ambayo chombo hula umeme. Yuniti, ile tunayoinunua, ni kilowati-saa moja, yaani chombo cha wati 1000 kikifanya kazi kwa saa moja kamili. Kwa hiyo matumizi ni kasi mara muda. Watu wengi huutazama muda tu. Huona taa ikiwaka saa tano na birika likinguruma dakika tatu, wakadhani taa ndiyo mlaji. Wamesahau kwamba taa ya kisasa, zile zilizoandikwa LED kwenye boksi, ina wati 9, na birika lina wati 2000. Kasi ya birika ni zaidi ya mara mia mbili ya kasi ya taa.

Lakini kusema hivyo ni kutaja tu namba zilizoandikwa chini ya chombo. Swali lenyewe ni hili: kwa nini birika lihitaji wati 2000, na taa itosheke na 9? Je, fundi wa birika ni mzembe kuliko fundi wa taa?

Hapana. Jibu limo ndani ya maji. Ili kupandisha joto la lita moja ya maji kwa digrii moja ya sentigredi, sharti utoe juli 4186 hivi. Hakuna njia ya kuyadanganya maji yakubali pungufu. Hapa kwetu maji ya bomba huwa na digrii 20 hivi. Na kwa kuwa mji wetu uko juu, karibu mita 1460 kutoka usawa wa bahari, maji huchemka kwenye digrii 95 hivi, wala hayafiki 100 kama pwani. Basi tuna digrii 75 za kupanda. Zidisha 4186 kwa 75, utapata juli 314,000 kwa kila lita.

Namba hiyo ni kubwa kiasi gani? Nitaipima kwa mlima tunaouona kila siku. Kilele cha Nyiragongo kiko karibu mita 2000 juu ya Ziwa Kivu. Kuinua lita moja ya maji, ambayo ni kilo moja, kutoka ufukoni hadi kileleni huhitaji juli 20,000 hivi, tukihesabu kazi ya kuinua peke yake. Gawanya 314,000 kwa 20,000. Maana yake ni kwamba nguvu inayochemsha lita moja ya chai ingeweza kupandisha karibu lita kumi na sita mpaka juu ya Nyiragongo! Mtu aliyewahi kubeba dumu la maji kupanda mlima ataelewa namba hiyo kuliko nitakavyoweza kueleza. Mwingereza James Joule ndiye aliyepima uhusiano huu wa kazi na joto katika miaka ya 1840, kwa kuacha vizito vishuke na kuzungusha mapanga ndani ya chombo cha maji. Aliona kwamba kazi nyingi sana huzaa joto dogo tu. Juli tunayoitumia katika hesabu zetu imepewa jina lake.

Ukitaka kuona jambo hilo kwa upande wa mtambo, fikiri juu ya mto Sebeya, ambao maji yake huzungusha mitambo ya umeme karibu na mji wetu. Lita moja ya maji ikianguka mita 100 haiwezi kutoa zaidi ya juli 1000 hivi. Kwa hiyo ili kuchemsha lita moja birikani, zaidi ya lita mia tatu za mto zingepaswa kuanguka kimo hicho, hata kama mtambo na nyaya zisingepoteza kitu. Hiyo ndiyo gharama ya joto.

Sasa tazama kazi ya taa. Taa haipashi kitu joto. Kazi yake ni kutoa mwanga, na jicho la mwanadamu hutosheka na mwanga mdogo sana. Zamani hatukuliona hilo kwa sababu taa za waya zilikuwa zenyewe ni majiko madogo. Balbu ya wati 60 ilipasha waya wake mpaka ukawa mweupe kwa moto, na sehemu ndogo tu ya umeme wake ilitoka kama mwanga. Iliyobaki ilikuwa joto, na ndiyo maana iliunguza vidole. Taa ya LED hutoa mwanga kama huo kwa wati 9 hivi, kwa kuwa haipiti njia ya moto.

Simu nayo haina kazi ya kupasha. Betri ya simu ya kawaida huweka wati-saa 15 hivi, na ukihesabu kinachopotea katika chaja, kuijaza kutoka mwanzo hadi mwisho huchukua kama wati-saa 20. Hiyo ni sehemu moja ya hamsini ya yuniti. Na ile chaja iliyosahauliwa ukutani bila simu? Nyingi za kisasa hula chini ya sehemu moja ya kumi ya wati. Ikae hapo mwaka mzima, usiku na mchana, haitamaliza yuniti moja.

Hapa ndipo penye tofauti kubwa kati ya vyombo hivi, nami naomba msomaji aishike. Katika taa na simu, joto ni upotevu, na fundi mwenye akili aweza kuupunguza. Ndiyo maana taa imeshuka kutoka wati 60 hadi 9. Katika birika, pasi na hita, joto ndilo tunalolitaka. Birika la umeme tayari hupeleka karibu umeme wake wote ndani ya maji. Hakuna upotevu mkubwa uliobaki wa kupunguza. Hata akija fundi hodari kuliko wote duniani, hawezi kutengeneza birika la kawaida la wati 9 litakalochemsha chai yako asubuhi. Likijaribu, joto litatoka nje upesi kuliko linavyoingia, na maji hayatachemka kamwe.

Kwa sababu hiyohiyo, wanakosea wanaonunua birika dogo la wati 1000 wakidhani watapunguza matumizi kwa nusu. Maji yahitaji juli zilezile. Birika la wati 1000 litachukua muda maradufu, tena zaidi kidogo, kwa maana katika muda huo mrefu joto jingi zaidi hutoroka.

Nisingependa msomaji aniamini kwa maneno matupu, kwa hiyo nitaeleza jinsi ya kupima nyumbani. Mita nyingi za kulipia kwanza, zile tunazoziita kashpawa, zina kitaa chekundu kinachopepesa. Soma maandishi ya mita: ukiona 1000 imp/kWh, maana yake kitaa hupepesa mara 1000 kwa kila yuniti, yaani kila pepeso ni wati-saa moja. Kama namba ni nyingine, gawanya 1000 kwa namba hiyo, nawe utajua wati-saa za kila pepeso.

Wakati wa likizo nilifanya jaribio hili na binamu yangu nyumbani kwa shangazi, ambaye mita yake ni ya 1000. Tulizima kila kitu, hata jokofu, tukaacha taa moja ya wati 9. Tukasubiri. Zilipita karibu dakika saba kati ya pepeso moja na lingine, hata binamu yangu akadhani mita imekufa. Hesabu yasema iwe sekunde 400, na ndivyo ilivyokuwa. Kisha tulizima taa, tukapima lita moja ya maji kwa chupa, tukawasha birika. Kitaa kikaanza kupepesa upesi, chini ya sekunde mbili kila mara, na maji yalipochemka tulikuwa tumehesabu karibu mapepeso mia moja. Hesabu ya juli 314,000 yatoa wati-saa 87. Zilizobaki zilikwenda katika kupasha chuma cha birika chenyewe na hewa iliyolizunguka. Basi lita moja ya maji yaliyochemka ni sehemu moja ya kumi ya yuniti. Kwa kiasi hichohicho taa ile ingewaka saa kumi na moja, au simu ingejazwa mara tano.

Shangazi alitazama kitaa kile kinavyokimbia, akasema, "Kumbe mwizi nimempa mimi mwenyewe maji!"

Sasa tuchukue nyumba moja na kuihesabu kwa mwezi wa siku thelathini. Ina taa tano za wati 9, kila moja ikiwaka saa tano kila usiku: yuniti 7, tukikadiria. Simu mbili zinajazwa kila siku: yuniti 1 na kitu. Jumla ya taa na simu ni yuniti 8. Birika huchemsha lita nne kwa siku, za chai na za kunywa: yuniti 12. Pasi ya wati 1000 hupokea umeme dakika ishirini kwa siku: yuniti 10. Watu watatu huoga maji ya moto, kila mtu lita 15 zilizopashwa kutoka digrii 20 hadi 40. Pamoja na upotevu mdogo ni yuniti 0.4 kwa kila mtu, yaani yuniti 36 kwa mwezi. Nyumba nzima imetumia yuniti 66, na katika hizo, 58 ni za joto. Tena birika lilifanya kazi dakika kumi na mbili tu kwa siku!

Fedha zinaonyesha pengo kubwa zaidi, kwa kuwa bei ya umeme wa nyumbani hapa Rwanda imepangwa kwa ngazi. Katika ratiba iliyoanza Januari 2020, yuniti 15 za kwanza za mwezi zilikuwa faranga 89 kila moja, kutoka hapo hadi 50 zilikuwa 212, na zaidi ya 50 zilikuwa 249, kabla ya kodi ya ongezeko la thamani. Bei hubadilika, na msomaji aweke bei za siku zake. Lakini tutumie hizo kwa mfano. Nyumba yenye taa na simu peke yake ingelipa yuniti 8 kwa faranga 89, yaani faranga 712. Nyumba ile ya yuniti 66 ingelipa 1335 kwa ngazi ya kwanza, 7420 kwa ya pili, na 3984 kwa ya tatu, jumla faranga 12,739. Yuniti zimeongezeka mara nane, lakini fedha zimeongezeka karibu mara kumi na nane. Vyombo vya joto ndivyo vinavyoipandisha nyumba kutoka ngazi ya chini.

Na yule mwanafunzi? Akisoma saa tatu kila usiku kwa taa ya wati 9, mwezi mzima atatumia yuniti 0.8. Hata tukimtoza bei ya ngazi ya juu kabisa, ni faranga 200 hivi. Ni sawa na kuchemsha lita nane za maji. Mzazi amzimiaye taa hupata faida ya lita nane kwa mwezi, na kitabu hakikusomwa.

Yafaa niseme pia mipaka ya hoja yangu. Nimesema juu ya taa za LED. Nyumba yenye balbu tano za zamani za wati 60 hutumia yuniti 45 kwa mwezi kwa saa zilezile tano. Hapo taa ni mlaji kweli, na kuzibadilisha ndiyo kazi ya kwanza. Vilevile jokofu halipashi kitu, lakini huwa limeunganishwa saa zote, kwa hiyo lipimwe peke yake kabla ya kutoa hukumu.

Kwa kuwa maji hayakubali kupunguziwa juli, zimebaki njia chache za kweli. Njia ya kwanza ni kupasha maji kidogo. Pima kwa kikombe, si kwa macho. Maji ya ziada yaliyochemka na kuachwa yakapoa ni umeme uliomwagwa. Kama yatahitajika baadaye, yatiwe katika chupa ya chai inayohifadhi joto.

Njia ya pili ni kuepuka kugeuza maji kuwa mvuke, kwa sababu mvuke ndio mlafi kuliko wote. Kugeuza lita moja ya maji yaliyokwisha kuchemka kuwa mvuke huhitaji joto mara saba ya lile lililoyachemsha kutoka baridi. Birika hujizima kwa kipande cha metali mbili kilicho karibu na kishikio au chini yake. Mvuke ukikifikia, hujipinda na kukata umeme. Ukiacha kifuniko wazi, mvuke hutoka juu, hauzifikii metali zile, na birika huendelea kuchemka. Kila dakika ya namna hiyo ni sawa na taa moja kuwaka zaidi ya saa tatu na nusu. Kosa hilo hujitokeza kwa pasi pia. Shati lililoanuliwa likiwa na maji ya robo lita hivi hulazimisha pasi kuyafanya yote mvuke, na hiyo ni zaidi ya sehemu moja ya kumi na tano ya yuniti kwa kila gramu mia. Jua na upepo wa ziwa hufanya kazi hiyo bure. Utaitambua pasi inayofanya kazi ya jua kwa kitaa chake: kinakaa kimewaka muda mrefu na hakizimiki, kwa kuwa unyevu unanyang'anya joto mara tu linapozaliwa. Anika nguo mpaka ibaki na unyevu kidogo tu, kisha piga nyingi kwa mfululizo, pasi isipashwe upya kila siku kwa shati moja.

Njia ya tatu ni kutafuta joto mahali pengine kuliko katika waya. Mji wetu una mfano mzuri. Mwaka 1963 mtambo mdogo ulijengwa Rubona, ukawa unatoa gesi ya methani kutoka Ziwa Kivu kwa ajili ya majiko ya mvuke ya kiwanda cha bia cha Bralirwa. Gesi ilichomwa mahali palipohitaji joto, bila kugeuzwa umeme kwanza. Mtambo wa KivuWatt wa Karongi, uliozinduliwa 2016 na wenye megawati 26, huchoma gesi ya ziwa hilohilo katika injini ili kupata umeme, na katika injini ya namna hiyo zaidi ya nusu ya joto la gesi hupotea. Umeme huo ni bora kabisa kwa taa, simu na redio, ambazo haziwezi kula gesi. Lakini kuurudisha tena kuwa joto la maji ya kuoga ni kuzunguka njia ndefu. Maji yaliyowekwa juani kwa pipa jeusi, au kwa mtambo wa jua juu ya paa, huiondoa ile hesabu kubwa ya yuniti 36.

Neno la mwisho ni la usalama, nalo hutokana na hesabu ileile. Birika la wati 2000 katika umeme wa volti 230 huvuta karibu ampea 9. Chaja ya kawaida ya simu haifiki hata sehemu moja ya kumi ya ampea. Joto linalozaliwa ndani ya waya hukua kwa mraba wa ampea, hivyo mkondo ukiwa mara mia, joto la waya ni mara elfu kumi. Waya mwembamba wa kuongezea, uliobeba simu nne miaka miwili bila shida, haujathibitisha kwamba waweza kubeba birika au hita. Baada ya maji kuchemka, zima soketi, chomoa plagi na uiguse. Ikiwa ya moto, au plastiki yake imegeuka rangi ya kahawia, basi sehemu ya umeme wako inapasha ukuta badala ya maji, na chombo hicho kisitumiwe tena hapo mpaka fundi abadilishe soketi au waya.